Siku Mia Moja Kabla Shilingi Haijarudi

Mwenye kiwanda cha sabuni anapopeleka katoni kwenye duka kubwa la kujihudumia, faida yake huandikwa vitabuni siku hiyo hiyo. Fedha yenyewe huja baadaye sana. Tangu siku aliyomlipa muuzaji wa malighafi hadi siku duka linapomlipa yeye kuna pengo, na pengo hilo lazima mtu alijaze: yeye mwenyewe kwa akiba yake, benki kwa mkopo, au muuzaji anayekubali kusubiri. Wahasibu hulipima pengo hilo kwa siku na kuliita mzunguko wa fedha taslimu.

Kipimo hiki, kwa sura kinavyotumika leo, kilielezwa mwaka 1980 na wasomi wawili wa Marekani, Verlyn Richards na Eugene Laughlin. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kujua kama biashara inaweza kulipa madeni yake mara nyingi alilinganisha mali ya muda mfupi na madeni ya muda mfupi. Mali ikizidi, biashara ilihesabiwa kuwa salama. Kwa hesabu hiyo, kiwanda chenye stoo iliyojaa na wateja wengi wanaodaiwa huonekana kina nguvu, hata kama mwisho wa mwezi hakina mshahara wa wafanyakazi. Hao wawili waliuliza swali la maana zaidi: mali hiyo itageuka kuwa fedha baada ya siku ngapi?

Jibu hupatikana kwa vipande vitatu. Siku za stoo ni muda mali inaokaa kwako kabla ya kuuzwa, tangu ilipokuwa malighafi. Siku za kudai ni muda wateja wanaochukua kukulipa baada ya kuuziwa. Siku za kudaiwa ni muda unaochukua wewe kuwalipa wanaokuuzia. Mbili za kwanza zinafunga fedha yako, ya tatu inakupumzisha, kwa hiyo:

```
mzunguko = siku za stoo + siku za kudai - siku za kudaiwa
```

Tuchukue kiwanda kidogo cha sabuni ya maji jijini Nairobi. Ni cha mfano, na tarakimu zake nimezichagua ziwe rahisi kufuata. Kinauza sabuni ya shilingi milioni 36.5 kwa mwaka bila kuhesabu VAT, yaani shilingi 100,000 kila siku. Kutengeneza sabuni hiyo ya kila siku hugharimu shilingi 70,000: ungaroli, asidi ya salfoniki, soda kali, manukato, rangi, chupa, lebo na vibarua wa kujaza. Shilingi 20,000 nyingine zinakwenda kwenye kodi ya jengo, gari la kusambaza na mishahara ya ofisini. Inabaki shilingi 10,000 kwa siku, na kwa mwaka faida ya milioni 3.65. Mwenye kiwanda ana haki ya kuridhika.

Sasa tuingie stoo. Mali iliyomo, kwa gharama ya kuitengeneza, ni shilingi milioni 3.15. Tukigawa kwa 70,000 zinazotumika kila siku tunapata siku 45. Ukiuliza kwa nini ni nyingi hivyo, jibu liko mlangoni: ungaroli hununuliwa kwa pipa zima kwa sababu bei ya rejareja inauma, kiwanda cha plastiki hakipokei oda ndogo ya chupa, na mchapaji wa lebo naye anataka kuchapa maelfu kwa mkupuo mmoja. Sabuni iliyokwisha kujazwa na kusubiri gari ni sehemu ndogo tu ya fedha iliyolala mle ndani. Wanaojaribu kupunguza stoo huanza na sabuni iliyo tayari kwa sababu ndiyo inayoonekana, ilhali fedha nyingi imekaa kwenye lebo na chupa tupu.

Wateja wanadaiwa jumla ya milioni 7.5. Tukigawa kwa mauzo ya 100,000 kwa siku, siku za kudai ni 75. Nao wauzaji wa malighafi wanakidai kiwanda milioni 1.4, ambazo ukigawa kwa 70,000 ni siku 20. Mzunguko ni 45 kujumlisha 75 kutoa 20, yaani siku 100. Shilingi inayolipwa leo kwa ungaroli itarudi baada ya miezi mitatu na siku kadhaa.

Hizo siku 75 zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu wastani huficha mengi. Kiwanda hiki kina wateja wa aina mbili. Maduka ya mtaani na ya jumla yanachukua sabuni ya shilingi 40,000 kwa siku na hulipa baada ya siku 15 hivi, mengi kwa M-Pesa gari linaporudi na mzigo mwingine. Maduka makubwa yanachukua ya 60,000 na hulipa baada ya siku 115. Ukichanganya wote kwa uzito wao unapata 75, lakini hakuna mteja hata mmoja anayelipa kwa siku 75. Katika ile milioni 7.5, maduka makubwa peke yake yameshika milioni 6.9.

Na mkataba wa maduka hayo unasemaje? Unasema siku 60. Tofauti ya siku 55 haitokani na udanganyifu mmoja mkubwa, inatokana na mambo madogo yanayoanzia kwenye lango la nyuma la duka, pale mizigo inapopokelewa. Gari linafika saa mbili asubuhi na kupanga foleni. Karani wa kupokea anahesabu katoni, anakuta mbili zimelowa, anazikataa, kisha anagonga muhuri hati ya kupokelea mali ikiwa na idadi pungufu. Ankara aliyobeba dereva bado ina idadi ya awali. Huko ofisini mtu wa malipo akilinganisha karatasi hizo mbili na kuona hazikubaliani, ankara nzima inawekwa kando, si zile katoni mbili tu. Hakuna anayempigia simu mwenye sabuni. Atagundua mwenyewe baada ya miezi miwili, atakapouliza mbona ankara ile haimo kwenye orodha ya malipo, na kwa wengi saa ya siku 60 huanza kuhesabiwa upya siku ankara iliyosahihishwa inapoingizwa kwenye mfumo.

Halafu kuna maneno machache ambayo wengi huyapita wanaposoma mkataba: siku 60 baada ya mwisho wa mwezi. Mzigo uliopokelewa Machi 3 hauanzi kuhesabiwa Machi 3, unaanza Machi 31, kwa hiyo siku 60 zimekuwa 88. Mzigo huo huo ungepelekwa Machi 29, zingekuwa 62. Kama mkataba wako una maneno hayo, panga mizigo mikubwa iende wiki ya mwisho ya mwezi. Utapata wiki kadhaa za fedha bila kumwomba mtu chochote.

Kuna mtego mwingine, huu wa kwenye kupima. Deni la wateja huandikwa pamoja na VAT kwa sababu ndiyo fedha unayodai, lakini mauzo ya mwaka huandikwa bila VAT. Deni la kiwanda chetu pamoja na VAT ya asilimia 16 ni milioni 8.7. Ukiligawa kwa mauzo ya 100,000 yasiyo na VAT unapata siku 87, na unaanza kuwalaumu wateja kwa siku 12 ambazo hazipo. Linganisha vitu vya namna moja pande zote mbili. VAT yenyewe, hata hivyo, ina maumivu halisi. Mauzo ya Machi yanatakiwa yalipiwe kodi kabla ya Aprili 20 kuisha, duka liwe limelipa au halijalipa. Duka likilipa mwishoni mwa Juni, mwenye kiwanda ameitanguliza serikali kodi ya mtu mwingine kwa zaidi ya miezi miwili, baada ya kutoa tu ile aliyolipia mwenyewe kwenye manunuzi.

Sasa tufike kwenye fedha inayohitajika. Kwenye vitabu, stoo ya milioni 3.15 ukiongeza wateja wa milioni 7.5 na kutoa wauzaji wa milioni 1.4 unapata milioni 9.25. Lakini si yote iliyotoka mfukoni. Ndani ya kila shilingi 100,000 wanayodaiwa wateja mna faida ya 10,000 ambayo kiwanda hakijawahi kuigharamia. Ukiiondoa, fedha halisi iliyofungwa kwa wateja ni siku 75 mara 90,000, yaani milioni 6.75, na mahitaji yote yanakuwa milioni 8.5. Hizo ndizo shilingi ambazo mtu fulani lazima azitoe na kuziacha humo siku zote, kwa sababu ankara ya zamani inapolipwa kuna mpya inayochukua nafasi yake. Wengi huukopea mtaji huu kwa miezi sita wakidhani utarudi. Haurudi mpaka biashara ipungue au mzunguko ufupike. Ndiyo maana mkopo wa muda mfupi unaolipwa kwa mafungu humbana mwenye kiwanda kila mwezi: anarudisha fedha ambayo bado imo kwenye mapipa na ankara.

Milioni 8.5 ni zaidi ya faida ya miaka miwili. Zikitoka zote benki kwa riba ya, tuseme, asilimia 16 kwa mwaka, riba ni milioni 1.36, zaidi ya theluthi moja ya faida yote. Mwenye kiwanda anaposema benki inamla, hesabu inaonyesha kwamba aliyemla kwanza ni kalenda.

Upande wa pili wa kaunta, hesabu hii hugeuka kabisa. Duka kubwa likikaa na bidhaa siku 30, likauza kwa fedha taslimu pale pale kwenye mashine, na kumlipa msambazaji baada ya siku 90, mzunguko wake ni 30 kujumlisha sifuri kutoa 90, yaani siku 60 chini ya sifuri. Linakusanya fedha miezi miwili kabla ya kulipa. Kila tawi jipya likifunguliwa, wasambazaji wanalipatia mtaji bila riba. Hakuna ubaya katika hilo lenyewe. Biashara nyingi kubwa duniani hujiendesha hivyo. Hatari iko hapa: fedha hiyo inaonekana kama ya duka, na ikitumika kujengea matawi haipo tena siku wasambazaji wanapoitaka.

Afrika Mashariki imeliona hili kwa macho. Nakumatt ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2017 rafu zake zilianza kuwa tupu. Wasambazaji waliokuwa wakisubiri malipo ya miezi kadhaa waligoma kupeleka mali nyingine, na mzunguko ulio chini ya sifuri ukaanza kwenda kinyume: bila bidhaa mpya hakuna mauzo, bila mauzo hakuna fedha ya kulipia ankara za zamani, na bila malipo hakuna anayeleta bidhaa. Biashara iliyojiendesha kwa fedha ya wasambazaji haiwezi kupungua taratibu, kwa maana mauzo yakishuka kwa theluthi, deni la zamani linabaki lile lile huku fedha ya kulilipa ikikauka. Januari 2018 mahakama iliiweka kampuni chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Muda si mrefu Tuskys nayo ikaingia kwenye njia hiyo hiyo.

Kwa watengenezaji wadogo, maumivu hayakuwa ya kucheleweshewa tu. Siku 115 zikigeuka kuwa milele, kiwanda kama chetu kinapoteza milioni 6.9 kwa mara moja, karibu faida ya miaka miwili. Dalili hutangulia, na mtu anayetunza orodha ya madeni kwa umri wake huziona. Ya kwanza ni siku za kudai kupanda wakati mauzo hayapandi. Ya pili naiona kuwa nzito zaidi: duka linaacha kulipa ankara kwa ankara na kuanza kutuma kiasi cha mviringo, shilingi 200,000 leo, 150,000 wiki ijayo, bila kusema zinafuta deni lipi. Mwenye fedha hulipa kwa ankara. Anayegawa kidogo alicho nacho ili kila mtu anyamaze ndiye hulipa kwa mviringo. Hapo ndipo pa kusimamisha gari, hata kama meneja wa tawi ni rafiki yako.

Kenya ilirekebisha Sheria ya Ushindani mwaka 2019 na kuhesabu kuchelewesha malipo ya msambazaji, bila sababu ya haki na kinyume cha masharti yaliyokubaliwa, kuwa ni kutumia vibaya nguvu ya mnunuzi. Mamlaka ya Ushindani inaweza kupelekewa malalamiko. Ni hatua njema, lakini angalia maneno yenyewe: inalinda masharti yaliyokubaliwa. Aliyesaini siku 90 baada ya mwisho wa mwezi amekwisha kukubali.

Turudi kiwandani, kwa sababu sasa imekuja habari njema ya kuogopesha. Duka kubwa moja linataka kuongeza oda ya shilingi 50,000 kwa siku. Mauzo yatapanda kwa nusu. Kila mtu ofisini anafurahi, na hapa ndipo kosa la wastani linapogharimu, kwa maana oda hii haitakuwa na mzunguko wa siku 100. Mnunuzi ni duka kubwa, kwa hiyo ni stoo siku 45, kudai siku 115, kudaiwa siku 20: siku 140. Tukichukulia kwamba gharama zote zinapanda kwa uwiano ule ule, fedha itakayofungwa kwa wateja ni siku 115 mara 45,000, sawa na milioni 5.175. Stoo inataka milioni 1.575 zaidi. Wauzaji wa malighafi watabeba 700,000. Kinachotakiwa ni milioni 6.05 mpya, ilhali faida ya kiwanda kizima kwa mwaka ilikuwa milioni 3.65. Viwanda vingi vilivyokuwa vikipata faida vimekwama hivi, katikati ya oda kubwa, gari likiwa barabarani na hakuna fedha ya pipa linalofuata.

Oda hiyo italeta faida ya milioni 1.825 kwa mwaka. Riba ya asilimia 16 kwa milioni 6.05 ni 968,000. Inabaki 857,000, na hiyo ni kama benki itakubali kutoa mkopo wote.

Kuwabana wauzaji wa malighafi ndilo wazo la kwanza la wengi, na ndilo dhaifu. Kila siku moja unayoongeza kwenye kudaiwa inakupa gharama ya siku moja ya malighafi, 105,000 baada ya oda mpya, na muuzaji wa ungaroli anayecheleweshwa hupandisha bei au kukupa pipa la mwisho wakati wa uhaba. Siku moja inayopunguzwa kwenye kudai inaleta 150,000, kwa kuwa inarudi na faida yake. Nguvu zielekee huko.

Tuseme mwenye kiwanda anafanikiwa kulifanya duka lilipe kweli siku 60: anamweka mtu wa kulinganisha kila hati ya kupokelea na ankara jioni ile ile, anatoa ankara upya palipo na upungufu, na anapata orodha ya malipo kila wiki badala ya kusubiri miezi miwili. Mahitaji ya oda mpya yanashuka kutoka milioni 6.05 hadi milioni 3.575. Riba inakuwa 572,000, na kinachobaki kwenye faida ni milioni 1.253.

Njia nyingine ni kuuza punguzo. Duka likilipa ndani ya siku 10 lipate asilimia 2. Sauti ya ndani ya mfanyabiashara inapiga kelele kwamba anatupa fedha, kwa sababu asilimia 2 ya oda hiyo ni 365,000 kwa mwaka. Lakini fuata hesabu. Fedha iliyofungwa kwa wateja inashuka hadi 450,000, mahitaji yote ya oda yanakuwa milioni 1.325, na riba yake 212,000. Jumla ya riba na punguzo ni 577,000. Inabaki milioni 1.248, karibu sawa kabisa na duka linalolipa kweli kwa siku 60, tena kwa mkopo ambao haufiki robo ya ule wa kwanza. Kwa kiwanda ambacho benki haiwezi kukipa milioni 6, hiyo ndiyo tofauti kati ya kupokea oda na kuikataa.

Kuna sharti moja ambalo bila hilo punguzo ni hasara tupu. Yako maduka yanayokata asilimia 2 na bado yanalipa baada ya siku 90. Kwa hiyo ankara iandikwe kwa bei kamili, na punguzo litolewe kwa krediti noti baada ya fedha kuingia benki ndani ya siku 10, si kabla. Duka likikataa sharti hilo, limekwisha kukuambia litalipa lini. Hapo ni afadhali kupokea nusu ya oda, inayohitaji kama milioni 3, na kuyaongezea sabuni maduka ya mtaani yanayolipa kwa siku 15, hata kama yanaomba bei nafuu kidogo.